Zamu Ambayo Haikumalizika: Hesabu ya Wastani wa Mpigaji wa Kriketi

Tarehe 13 Machi 2011, katika Uwanja wa Chinnaswamy mjini Bengaluru, India, Kenya ilikuwa ikifukuzia mikimbio ya Australia, mabingwa watetezi wa Kombe la Dunia. Australia walikuwa wametangulia kupiga na kuweka 324. Katikati ya uwanja alisimama Collins Obuya, ambaye Wakenya wengi walimkumbuka kama mrushaji, kwani ndiye aliyewatoa wapigaji watano wa Sri Lanka jijini Nairobi mwaka 2003, Kenya ilipoelekea nusu fainali. Siku hiyo ya Bengaluru alikuwa na gongo mkononi, na Waaustralia hawakuweza kumtoa. Ova 50 ziliisha Kenya ikiwa na 264 kwa wiketi 6. Kwenye ubao, mbele ya jina la Obuya, pakasomeka 98*.

Hicho kinyota kidogo kando ya nambari humaanisha kwamba mpigaji hakutolewa. Mechi iliisha yeye angali amesimama, na mikimbio miwili tu ilibaki afikishe mia, idadi ambayo hakuwahi kuifikia katika mechi za kimataifa za siku moja. Ndicho kinachozua swali ambalo wapenzi wa mchezo huu wamelibishania kwa vizazi: 98 ya mtu ambaye bado hajatolewa iingizwe vipi katika wastani wake?

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu kwa karibu, mambo machache yatatosha. Timu ina wachezaji 11. Wapigaji wawili huwa uwanjani kwa pamoja, mmoja kila upande, nao huhesabiwa mikimbio kwa kubadilishana pande au kwa kuupiga mpira ukavuka mpaka. Kila mmoja huendelea mpaka atolewe, ama kwa mpira kuangusha vijiti vyake, ama kwa kudakwa, ama kwa kukimbia akachelewa kufika, na kwa njia nyingine chache. Kwa kuwa lazima wawe wawili, wakitolewa kumi yule wa kumi na moja hubaki peke yake na zamu ya timu inakwisha. Kwa hiyo hata timu inapotolewa yote, kuna mmoja ambaye hakutolewa. Katika mechi zenye ova zilizopangwa, kama ile ya Bengaluru, wanaobaki mara nyingi huwa wawili. Zamu zisizomalizika, basi, ni jambo la kila siku katika kriketi, na hesabu yoyote ya ubora wa mpigaji haina budi kuzitafutia mahali.

Kanuni iliyokubalika duniani kote ni hii: chukua mikimbio yote ya mpigaji, ugawanye kwa idadi ya mara alizotolewa. Hugawanyi kwa zamu alizopiga. Mikimbio ya zamu isiyomalizika inaingia juu ya mstari, lakini zamu yenyewe haihesabiwi chini.

Tuchukue mpigaji wa mfano aliyepiga zamu tano: 12, 45, 0, 98* na 25. Jumla ni 180. Angegawanyiwa kwa zamu, wastani wake ungekuwa 36. Kwa kanuni ya kriketi anagawanyiwa kwa 4, kwa sababu ametolewa mara nne, na wastani wake ni 45. Tofauti hiyo ya mikimbio tisa imetokana na kinyota kimoja. Mtu anayeiona hesabu hii kwa mara ya kwanza huhisi kuna udanganyifu: amepiga mara tano, iweje agawanyiwe kwa nne?

Jibu linaanzia kwenye kile ambacho timu inakitumia. Katika kriketi, hasa ile ya siku nyingi, timu haigawiwi zamu za mtu mmoja mmoja ili izitumie. Inagawiwa wiketi kumi. Kila mpigaji anapotolewa, timu imelipa wiketi moja, na swali la maana ni imepata mikimbio mingapi kwa malipo hayo. Obuya aliipa Kenya mikimbio 98 na hakuigharimu wiketi hata moja. Kumgawanyia zamu ile kana kwamba alitolewa kungekuwa kumdai deni ambalo hakukopa.

Kuna njia ya pili ya kuielewa kanuni, nayo huonyesha wazi zaidi inachokifanya kimyakimya. Rudi kwa mpigaji wetu mwenye wastani wa 45. Chukua ile 98*, uiongezee 45, yaani wastani wake mwenyewe, iwe 143, kisha uihesabu kana kwamba hapo ndipo alipotolewa. Sasa zamu zake ni 12, 45, 0, 143 na 25. Jumla ni 225. Gawanya kwa zamu zote tano, unapata 45 ileile. Jaribu kwa mpigaji yeyote, mwenye vinyota vingi au vichache, na matokeo yatakuwa hayohayo, maana ni aljebra tupu. Kugawanya kwa mara alizotolewa ni sawasawa na kusema: kila zamu iliyokatizwa, mwachie mpigaji aendelee, na umkadirie kwamba tangu hapo angepata mikimbio mingine sawa na wastani wake wa kawaida.

Hiyo ndiyo siri yote ya wastani wa kriketi, na inafaa kuishika, kwa kuwa sifa zake na kasoro zake zote zinatoka hapo. Ukiona dhana hiyo ina mantiki kwa mchezaji fulani, wastani wake unasema kweli. Ukiona haina mantiki, wastani wake umepanda au umeshuka kuliko anavyostahili, na unaweza kueleza ni kwa nini.

Hakuna wastani unaojulikana kuliko ule wa Donald Bradman wa Australia: 99.94. Katika mechi 52 za Testi, kati ya mwaka 1928 na 1948, Bradman alipiga zamu 80, akapata mikimbio 6,996, na zamu 10 kati ya hizo hakutolewa. Ukigawanya 6,996 kwa 70 unapata 99.94. Tarehe 14 Agosti 1948, alipoingia kwenye uwanja wa Oval jijini London kupiga zamu iliyokuja kuwa ya mwisho, alikuwa na mikimbio hiyohiyo 6,996, lakini alikuwa ametolewa mara 69. Wastani wake wakati akivuka kamba ulikuwa 101.39. Alihitaji mikimbio minne tu ili, hata akitolewa, amalize na 7,000 kwa 70, yaani mia kamili.

Mpira wa kwanza kutoka kwa Eric Hollies aliuzuia. Wa pili uligeuka upande asioutazamia, ukapita kati yake na gongo na kuangusha vijiti. Sifuri. Na kwa kuwa Uingereza ilikuwa imetolewa kwa 52, kisha ikatolewa tena kwa 188, Australia iliyokuwa na 389 haikuhitaji kupiga mara ya pili, na Bradman hakupata nafasi nyingine.

Lililo muhimu kwa habari yetu ni kwamba sifuri ile haikumshusha kwa sababu ya kuwa sifuri. Ilimshusha kwa sababu alitolewa. Kama wenzake wote wangetolewa upande wa pili naye akabaki amesimama bila mkimbio, angeandikiwa 0*, na wastani wake usingetikisika hata kidogo: 6,996 kwa 69, 101.39. Sifuri mbili zinazofanana kwenye ubao, na tofauti yake ni karibu mkimbio mmoja na nusu katika wastani wa maisha mazima ya mchezaji.

Je, zamu zake kumi zisizomalizika zilimpendelea? Ukigawanya kwa zamu zote 80 unapata 87.45, ambayo bado iko juu kabisa ya wapigaji wengine wakubwa. Kwa kanuni ya kutolewa, ni kama Bradman amekopeshwa takriban mikimbio 100 kwa kila moja ya zamu kumi zilizokatizwa, jumla karibu 1,000 ambayo hakuipiga. Inasikika kama zawadi kubwa. Lakini tazama zilikatizwa wapi. Huko Adelaide mwaka 1932, dhidi ya Afrika Kusini, alibaki kwenye 299* baada ya mwenzake wa mwisho, Pud Thurlow, kutolewa akikimbia walipokuwa wakitafuta mkimbio wa 300. Mjini Leeds mwaka 1948 alibaki na 173* Australia ilipofikia lengo la 404 na kushinda. Zaidi ya nusu ya zile kumi zilikuwa zimekwisha kuvuka mia. Mtu wa namna ile, aliyezoea mwanga, uwanja na warushaji wa siku hiyo, hakuwa karibu kuchoka. Kumkadiria mikimbio mia nyingine si kumpendelea sana.

Ukitaka kuiona kanuni ikifikishwa mwisho wake, nenda kwenye ziara ya Australia nchini Uingereza mwaka 1953. Bill Johnston alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, na kwa upigaji alikuwa mtu wa kumi na moja, yule anayeingia wengine wote wakiwa wamekwisha. Katika ziara ile alipiga zamu 17 na akatolewa mara moja tu. Mikimbio yake yote ilikuwa 102, na kwa kuwa 102 inagawanywa kwa 1, wastani wake ukawa 102.00. Alimaliza juu ya kila mpigaji wa kweli katika ziara nzima. Hakuna zamu hata moja aliyofikisha 30. Nahodha wake, Lindsay Hassett, inasemekana alisaidia kuhakikisha kwamba baada ya kutolewa ile mara moja Johnston hatolewi tena, na wenzake waliifurahia sana hadithi hiyo.

Aljebra yetu inaeleza kilichotokea. Kanuni inadai kwamba kila moja ya zile zamu 16 zilizokatizwa, zile za mikimbio miwili, mitano au saba, ingeendelea kwa mikimbio 102 zaidi. Hakuna mtu aliyemwona Johnston akishika gongo ambaye angekubali. Tatizo haliko kwenye kugawanya kwa kutolewa peke yake. Liko kwenye kumpima mtu kwa tukio moja. Aliyetolewa mara moja hajatupa ushahidi wa kutosha kuhusu ni lini huwa anatolewa, na mtu ambaye hajatolewa kamwe hana wastani kabisa, kwa sababu hakuna nambari inayogawanyika kwa sifuri. Vitabu humwekea kistari tu. Ndiyo maana orodha za wastani bora kwa kawaida huweka kiwango cha chini, na katika Testi kinachotumika mara nyingi ni zamu 20. Bila kiwango hicho, juu ya Bradman angekaa Andy Ganteaume wa West Indies, aliyepiga zamu moja tu ya Testi huko Port of Spain mwaka 1948, akapata 112, akatolewa, na hakuchaguliwa tena. Angekaa pia Kurtis Patterson wa Australia, ambaye mwaka 2019 alipata 30 na 114* dhidi ya Sri Lanka. Jumla yake 144, ametolewa mara moja, wastani 144.00. Wastani huo ni mkubwa kuliko mikimbio aliyopata katika zamu yoyote, na hiyo ni dalili rahisi kabisa ya kumtambulisha msomaji kwamba nambari anayoitazama imebebwa na vinyota.

Kuna kasoro nyingine isiyoondoka hata mchezaji akipiga zamu mia kadhaa.

Mwaka 1945 wanatakwimu wawili wa Uingereza, William Elderton na G. H. Wood, walichunguza jinsi mikimbio ya wapigaji inavyotawanyika. Picha waliyoifanyia kazi ni ya mpigaji ambaye hatari yake ya kutolewa haibadiliki: akiwa na 3 au akiwa na 93, uwezekano wa kutolewa kabla ya mkimbio unaofuata ni uleule. Ikiwa mpigaji yuko hivyo, basi kanuni ya kugawanya kwa kutolewa ni sahihi kabisa. Zamu ikikatizwa kwenye 98, mbele yake kuna matarajio yaleyale aliyokuwa nayo alipoingia, yaani wastani wake mzima.

Lakini yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja wa kriketi anajua kwamba mambo hayaendi hivyo. Mpigaji anapoingia macho hayajazoea mwendo wa mpira, miguu ni mizito, na hajui uwanja unaudundisha mpira vipi. Dakika zile za kwanza ndizo za hatari, na sifuri ni matokeo ya kawaida kuliko idadi nyingine yoyote. Akishavuka hapo hatari hupungua. Maana yake ni kwamba dhana iliyofichwa ndani ya kanuni inakosea pande mbili zinazopingana. Zamu iliyokatizwa ikiwa 2* inakadiriwa kwa ukarimu mno, kwa kuwa mpigaji bado alikuwa katika kipindi cha hatari na huenda asingefika popote. Zamu iliyokatizwa ikiwa 98* inakadiriwa kwa ubahili, kwa kuwa Obuya aliyekwisha kuzoea kila kitu angeweza kutarajiwa kupata zaidi ya wastani wake. Watu hulalamika kwamba vinyota huongeza wastani, na kwa jumla ni kweli, lakini inafaa kuuliza kwanza vinyota hivyo viliwekwa kwenye mikimbio mingapi.

Mwaka 1993 Alan Kimber na Alan Hansford walilipeleka tatizo hili mbele zaidi katika jarida la Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza. Walitumia mbinu iliyokwisha kuzoeleka katika utafiti wa tiba. Daktari anayepima dawa kwa miaka mitano hukuta kwamba baadhi ya wagonjwa, utafiti unapofungwa, wangali hai. Hawezi kuwaandika kana kwamba walifariki siku ile ya mwisho, na hawezi kuwatupa nje ya hesabu, maana hao ndio waliofanikiwa. Anachojua ni kwamba kila mmoja ameishi angalau kiasi fulani. Zamu ya 98* ni taarifa ya namna hiyohiyo: angalau 98. Mbinu ya kitabibu huangalia, kwa kila hatua, ni wangapi walifika hapo na wangapi kati yao walitolewa hapohapo, na hivyo haihitaji kudhani kwamba hatari ni ileile siku zote. Gharama yake ni kwamba mtu hawezi kuikokotoa kwa kalamu akiwa amekaa jukwaani. Wastani wa kawaida mtoto wa shule anaweza kuupata kwa kugawanya mara moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kudumu kwake.

Mrushaji James Anderson wa Uingereza anatupa mfano wa vinyota vingi kwenye mikimbio michache. Katika Testi 188 alipiga zamu 265, na katika 114 hakutolewa, kwa kuwa kwa kawaida aliingia wa mwisho na mwenzake ndiye aliyetolewa. Mikimbio yake ni 1,353 na wastani wake 8.96. Ukigawanya kwa zamu zote unapata kama 5.1. Kwa kanuni amekadiriwa karibu mikimbio tisa katika kila zamu iliyokatizwa, nyingi zikiwa zimekatizwa mwanzoni kabisa. Ni ukarimu, lakini ni ukarimu mdogo usiompotosha mtu: hakuna atakayeiona 8.96 akadhani Anderson ni mpigaji.

Mabishano makali hutokea katika mechi za siku moja, na jina linalotajwa kila mara ni Michael Bevan wa Australia. Kazi yake ilikuwa kuingia katikati au karibu na mwisho wa zamu ya timu na kuisindikiza mpaka lengo. Watu wa Sidni wanaikumbuka siku ya Mwaka Mpya 1996, Australia ilipokuwa 38 kwa wiketi 6 dhidi ya West Indies, naye akaibeba mpaka mpira wa mwisho kabisa, uliohitaji mikimbio minne, akaupiga moja kwa moja hadi mpakani. Alimaliza na 78*. Katika maisha yake yote ya mechi za siku moja alipiga zamu 196, akapata 6,912, na mara 67 hakutolewa. Wastani wake ni 53.58.

Mweke kando ya Sachin Tendulkar wa India, aliyepiga zamu 452, hakutolewa mara 41 tu, akapata 18,426. Wastani wake ni 44.83. Kwa kanuni rasmi Bevan yuko juu kwa karibu mikimbio tisa. Gawanya kwa zamu, na mambo yanapinduka: Tendulkar anapata 40.77, Bevan 35.27.

Wapo wanaosema hesabu hii ya pili ndiyo ya haki, kwamba Bevan alijenga jina juu ya vinyota. Hoja hiyo haisimami. Tendulkar kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifungua zamu, akiwa na ova 50 mbele yake. Bevan mara nyingi aliingia zikiwa zimebaki 15 au 10, na hata angekuwa Bradman asingeweza kupata mikimbio ambayo ova hazikuwepo za kuipata. Kumgawanyia kwa zamu ni kumwadhibu kwa saa aliyoingia uwanjani. Lakini 53.58 nayo haimaanishi kwamba, akifungua zamu kila siku, angemzidi Tendulkar. Mikimbio mingi ya Bevan ilikuja wakati walinzi wa uwanja wamerudishwa mpakani na mkimbio mmojammoja unapatikana kwa urahisi, naye hakulazimika mara nyingi kukutana na mpira mpya. Wawili hao walifanya kazi mbili tofauti, na wastani haukuundwa kuwalinganisha.

Mahali ambapo wastani unakuwa kipofu kabisa ni pale ambapo ova ndizo zilizo adimu kuliko wiketi. Tarehe 7 Juni 1975, kwenye uwanja wa Lord's, siku ya kwanza ya Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza iliweka 334 kwa ova 60. Sunil Gavaskar alifungua zamu ya India, akakaa ova zote 60, akapokea mipira 174, na akabaki na 36*. India ilimaliza na 132 kwa wiketi 3 na kushindwa kwa mikimbio 202. Katika kitabu cha wastani zamu hiyo ni faida tupu: mikimbio 36 imeongezwa juu, chini hakuna kilichoongezwa. Katika mechi ilikuwa hasara kubwa, kwa sababu India ilibakiwa na wiketi saba ambazo hazikununua kitu. Wiketi isiyotumika, ova zikishakwisha, haina thamani, na kanuni inayohesabu wiketi peke yake haiwezi kuliona hilo.

Hii ndiyo sababu, katika mechi za ova 50 na zaidi katika zile za ova 20, karibu na wastani huwekwa nambari ya pili: mikimbio kwa kila mipira 100. Mpigaji anayelinda kinyota chake, anayekataa kujihatarisha katika ova za mwisho ili abaki bila kutolewa, atapanda kwenye nambari ya kwanza na kushuka kwenye ya pili. Lance Klusener wa Afrika Kusini, katika Kombe la Dunia la 1999, alipiga zamu 8, akatolewa mara 2, akapata 281. Wastani 140.50 unaweza kumtia mtu shaka, hadi atakapoona kwamba aliipata mikimbio hiyo kwa kasi ya 122 kwa mipira 100, wakati ambapo wapigaji wengi walikuwa chini ya 80. Vinyota vyake havikutokana na woga.

Limebaki suala la mpigaji anayeondoka uwanjani bila kutolewa na mtu. Sheria hutazama sababu. Akiumia, akiugua au akipatwa na jambo lisilozuilika, huandikwa kwamba hakutolewa. Moja ya zile zamu kumi za Bradman ilikuwa ya namna hiyo: Melbourne mwaka 1948, dhidi ya India, alitoka na 57 akiwa ameumia. Mwaka 1983 kisiwani Antigua, Gordon Greenidge wa West Indies aliacha zamu yake kwenye 154 kwenda kwa binti yake aliyekuwa mahututi, ambaye hakupona. Nayo iliandikwa kuwa hakutolewa.

Akiondoka kwa hiari, hesabu ni nyingine. Mwezi Septemba 2001 jijini Colombo, Marvan Atapattu wa Sri Lanka alitoka kwenye 201 na Mahela Jayawardene kwenye 150, ili wenzao wapate mazoezi ya kupiga dhidi ya Bangladesh. Hakuna mrushaji aliyewatoa, lakini wote wawili waliandikiwa kutolewa, na wastani wao ukagawanywa ipasavyo. Siku hizi jambo hili limekuwa mbinu katika ova 20, ambako timu inaweza kumtoa mpigaji wake anayekwenda polepole ili kumwingiza mwenye nguvu zaidi. Tarehe 10 Aprili 2022, katika Ligi Kuu ya India, Ravichandran Ashwin wa Rajasthan Royals aliondoka mwenyewe akiwa na 28 ili kumpisha Riyan Parag kwa mipira michache ya mwisho, wa kwanza kufanya hivyo katika ligi hiyo. Timu yake ilishinda kwa mikimbio mitatu. Katika rekodi zake ziliongezwa mikimbio 28 juu ya mstari, na chini yake kutolewa mara moja.